Soko Limezimika, Oda Iko Wapi?

Ijumaa ya tarehe 18 Mei 2012, hisa za Facebook zilikuwa zianze kuuzwa kwa umma katika soko la Nasdaq, New York. Bei ya kutokea ilikuwa dola 38 kwa hisa, na biashara ilitarajiwa kufunguliwa mnamo saa tano asubuhi kwa saa za huko. Saa tano ikapita na soko halijafunguka. Kompyuta iliyotakiwa kukusanya oda zote za kununua na kuuza, kuzilinganisha na kutoa bei moja ya ufunguzi ilikuwa inazunguka palepale. Kila ilipomaliza hesabu, ilikuta kuna watu waliofuta oda zao wakati hesabu ikiendelea, ikabidi ianze upya. Ilipoanza upya, wengine nao wakafuta. Wakubwa wa soko wakaamua kuondoa mistari michache ya programu na kuhamia kwenye mtambo wa akiba, na saa tano na nusu hisa zikaanza kuuzwa.

Kwa nje ilionekana mambo yametengemaa. Ndani, oda zaidi ya 30,000 zilikuwa bado zimekwama, na madalali walioshiriki katika ufunguzi ule hawakupata jibu lolote. Hakuna aliyewaambia "umenunua", wala aliyewaambia "hukununua". Uthibitisho ulikuja kutolewa saa nane kasoro dakika kumi mchana, zaidi ya saa mbili tangu biashara ianze, na muda wote huo bei ilikuwa ikipanda na kushuka.

Benki ya UBS ya Uswisi ilikuwa na mfumo uliopangwa kuhakikisha oda za wateja wake zinatimizwa. Mfumo ule ulipokosa uthibitisho, oda ziliingizwa tena, zikaingizwa tena. Kwa maelezo ya benki yenyewe, Nasdaq hatimaye ilitimiza oda zote hizo, na UBS ikajikuta na hisa nyingi mno kuliko zile wateja walizoagiza, tena za kampuni ambayo bei yake ilikuwa inateremka. Hasara iliyotangaza katika hesabu za robo hiyo ya mwaka ilikuwa faranga za Uswisi milioni 349. Mwaka uliofuata, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza Nasdaq faini ya dola milioni 10. Faini hiyo ilihusu uzembe wa soko. Uamuzi wa kutuma tena pasipo kuuliza ulikuwa wa mfumo wa upande wa mnunuzi, na uamuzi huohuo hadi leo umo katika programu nyingi ndogo zinazoandikwa na watu wa kawaida.

Siku hizi huhitaji kuwa benki ili uwe na programu inayonunua na kuuza yenyewe. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi, awe Kinondoni au Kisumu, anaweza kufungua akaunti katika soko la sarafu za kidijitali, akachukua funguo za siri za akaunti yake, akaandika programu ya kurasa chache na kuiacha ifanye kazi usiku kucha. Sehemu ya kuamua lini inunue ndiyo anayoifikiria wiki nzima. Sehemu ya nini kifanyike soko likikata mawasiliano katikati ya oda huandikwa kwa mstari mmoja: ikishindikana, jaribu tena. Mstari huo ndio ninaotaka tuutazame.

Aliyewahi kutuma pesa kwa simu siku mtandao umelemewa anaijua hali yenyewe. Umebonyeza, umeweka namba ya siri, ujumbe haurudi. Ukituma mara ya pili, huenda fundi akapokea mara mbili. Tofauti ni kwamba wewe utasita, utaangalia salio, utampigia fundi. Programu haisiti isipoandikiwa kusita.

Tuanze na sababu ya programu kutojua. Oda inapotoka kwenye kompyuta yako hupita kwenye intaneti hadi kwenye seva ya mbele ya soko, ambayo hukagua saini na muda. Ikikubalika husogezwa kwenye foleni, na kutoka hapo huingia kwenye mtambo wa kulinganisha oda, ambako ndiko ununuzi wenyewe hutokea. Kisha jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Njia inaweza kukatika popote. Ikikatika wakati wa kwenda, oda haikufika. Ikikatika wakati wa kurudi, oda imefika, pengine hata imeshatimizwa, ila habari ndiyo haikufika. Na inaweza kuwa imekaa kwenye foleni, haijaingia wala haijakataliwa. Ukiwa upande wa kompyuta yako, hali zote tatu zinafanana: umesubiri sekunde kumi, hakuna kitu.

Kwa hiyo jibu la soko si la aina mbili, ndiyo au hapana. Lipo la tatu, nalo ni "haijulikani", na programu inatakiwa iwe na mahali pa kuliweka. Wanaoendesha masoko wanalijua hili. Binance, soko kubwa la sarafu hizi, inaandika wazi katika maelekezo yake kwamba ukipata kosa la seva la namba zinazoanza na 5, kama 502 au 504, usilichukulie kuwa ni kushindwa. Hali ya oda haijulikani, na huenda imefanikiwa. Ina hata misimbo miwili ya makosa yenye maana hiyo, `-1006` na `-1007`. Msimbo wa pili hutolewa pale seva ya mbele ilipochoka kusubiri jibu kutoka ndani. Maana yake ni kwamba soko lenyewe, wakati huo, halijui.

Inafaa basi kutenganisha makosa kabla ya kufanya lolote. Soko likijibu kwamba salio halitoshi au kiasi ni kidogo kuliko kinachoruhusiwa, hilo ni kataa la wazi, oda haipo. Kompyuta yako ikishindwa hata kuunganishwa na seva, yaani hakuna herufi moja ya oda iliyotoka, hapo pia mambo ni wazi. Shaka inaanza pale ombi linapokuwa limetoka na jibu halikuja, au limekuja likiwa ni kosa la seva. Wengi huyaweka makosa yote kwenye kapu moja, na maktaba nyingine za programu huongeza tatizo kwa kurudia ombi zenyewe kimyakimya bila kumwambia mwenye programu. Kwa ombi la kusoma bei hilo halina madhara. Kwa ombi la kununua, uwezo huo wa kujirudia uzimwe kabisa.

Sasa tuchukue mfano. Programu inataka kununua Bitcoin 0.02 kwa bei isiyozidi dola 60,000, yaani oda ya dola 1,200. Kabla ya kutuma chochote, inatunga jina la oda hiyo, tuseme `nunua-0017`, inaliandika kwenye daftari lake lililo kwenye diski pamoja na kiasi, bei na saa, na kuhakikisha maandishi yamefika kwenye diski kweli. Hapo ndipo inatuma:

```
POST /api/v3/order
symbol=BTCUSDT&side=BUY&type=LIMIT
&timeInForce=GTC&quantity=0.02
&price=60000&newClientOrderId=nunua-0017
&recvWindow=5000×tamp=...&signature=...
```

Vitu viwili katika ombi hilo ndivyo vitakavyotuokoa. Cha kwanza ni jina, `newClientOrderId`. Usipoliweka, soko litaipa oda jina lake lenyewe, na jina hilo utalijua kwenye jibu, jibu lilelile ambalo huenda lisifike. Utakuwa na oda huko ndani usiyoweza kuitaja. Ukilitunga mwenyewe na kuliandika kabla ya kutuma, una cha kuulizia hata kompyuta yako ikizimika na kuwaka upya. Utaratibu wa kuandika kwanza na kutuma baadaye hauna mbadala, kwa sababu programu inayotuma kwanza inaweza kufa katika ile nusu sekunde ya katikati, na ikiamka haitakumbuka kwamba iliwahi kuagiza kitu.

Cha pili ni `recvWindow`. Hiyo ni idadi ya milisekunde ambazo ombi linabaki halali tangu saa iliyoandikwa kwenye `timestamp`. Hapa ni 5,000, yaani sekunde tano, ambayo ndiyo desturi ya soko hilo usipotaja kitu. Ukomo wa juu ni sekunde 60. Ombi likichelewa njiani na kufika baada ya muda huo, seva inalikataa. Watu huiona namba hii kama kero, wanaipandisha hadi 60,000 ili wasisumbuliwe na makosa ya saa. Kwa tatizo letu hiyo ni hasara, kwani ndiyo inayotuambia oda iliyopotea haiwezi tena kuibuka. Dirisha la sekunde tano maana yake baada ya sekunde ya tano oda ama imeshapokelewa na seva ya mbele ama haitapokelewa kamwe. Dirisha la dakika nzima linakuacha na dakika nzima ya mashaka. Dawa ya makosa ya saa ni kurekebisha saa ya kompyuta kwa kuilinganisha na ya soko, si kupanua dirisha.

Oda yetu imetoka saa 14:03:20. Imefika 14:03:30 na hakuna jibu. Programu haitumi tena. Inaiandika `nunua-0017` kwenye daftari kuwa haijulikani, kisha inauliza:

```
GET /api/v3/order?symbol=BTCUSDT
&origClientOrderId=nunua-0017×tamp=...&signature=...
```

Ikipata jibu lenye maelezo ya oda, kazi imekwisha. Kinachowapoteza wengi ni jibu la `-2013`, "Order does not exist", oda haipo. Linasomeka kama hukumu. Lakini ukiuliza sekunde mbili tu baada ya kutuma, oda inaweza kuwa bado iko njiani. Swali limeipita barabarani kwa sababu lilipita njia nyingine. Hata dirisha likishafungwa, jibu la swali hili halitoki moja kwa moja kwenye mtambo wa kulinganisha oda. Hutoka kwenye kumbukumbu na hifadhidata zinazoletewa habari na mtambo, na siku ya msukosuko hizo ndizo huchelewa. "Haipo" ya mapema ina maana ya "sijaiona bado".

Kwa hiyo programu yangu mimi ningeipangia hivi: jibu la "haipo" lisiaminiwe mpaka dirisha liwe limefungwa, nusu dakika ya ziada iwe imepita, na maswali mengine mawili yatoe jibu hilohilo. Swali moja ni la orodha ya oda zilizo wazi. Jingine ni la orodha ya manunuzi yaliyokamilika, ambayo huitwa `myTrades`. Oda iliyokubaliwa na kutimizwa yote haitaonekana kwenye orodha ya oda zilizo wazi, na mtu anayeangalia orodha hiyo pekee ataapa kwamba haikuingia. Oda za bei ya soko, zisizotaja bei, zina hatari hiyo zaidi, maana hutimizwa papo hapo na kutoweka.

Salio nalo ni shahidi dhaifu. Ukinunua Bitcoin 0.02 na ada ikiwa sehemu moja kwa elfu, ikakatwa kwenye sarafu uliyonunua, utakuta 0.01998. Programu inayotafuta ongezeko la 0.02 kamili haitaliona. Ikiwa una oda nyingine zilizokuwa wazi wakati huo, salio limebadilika kwa sababu nyingi na hutajua ipi ni ya nani. Litazame mwisho, kuthibitisha hesabu uliyokwisha kuifanya kwa majina ya oda.

Turudi kwenye mfano, maana siku hiyo soko limezimika kweli. Swali la kwanza limerudi na 502. La pili halikurudi. Hapa programu hupatwa na tamaa ya kupiga hodi mara mia kwa dakika, pamoja na maelfu ya programu nyingine zinazofanya vivyo hivyo. Soko hujilinda: kwanza linajibu 429, kwamba umezidisha maombi, na ukiendelea linakujibu 418 na kuifungia anwani yako. Kifungo cha Binance huanzia dakika mbili na hufika hadi siku tatu kwa wanaorudia. Fikiria soko limeamka na wewe umefungiwa nje, oda yako ikiwa ndani. Subiri sekunde moja, kisha mbili, nne, nane, hadi ufikie dakika moja kati ya swali na swali, na uongeze sekunde kidogo za bahati nasibu ili programu zote zisigonge mlango kwa pamoja.

Wakati wa kusubiri, fedha zihesabiweje? Hili hujadiliwa kidogo na ndilo ningelipa uzito. Kwa upande wa matumizi, ichukulie oda isiyojulikana kama imetimizwa yote: zile dola 1,200 hazipo, usizipangie kazi nyingine. Kwa upande wa mali, ichukulie kama haikutimizwa hata kidogo: hiyo Bitcoin 0.02 huna, usiiuze kwingine ukidhani unayo. Hesabu hizo mbili zinapingana na hilo ni sawa, kwa kuwa kila moja inakulinda na hatari yake. Oda mpya kwenye sarafu hiyohiyo zisitolewe hadi ya kwanza ijulikane.

Saa 14:41 soko linajibu tena. Jibu la `nunua-0017` linasema `PARTIALLY_FILLED`, imetimizwa kwa sehemu: 0.013 zimenunuliwa kwa dola 60,000, yaani dola 780, na 0.007 bado zinasubiri. Bei ya sasa ni 61,500. Tazama kilichoepukwa. Kama programu ingetuma tena mara mbili kwa majina mapya, na zote zikaingia, ingekuwa imeagiza Bitcoin 0.06, dola 3,600 badala ya 1,200, na mwenyewe angejua akiamka asubuhi.

Linabaki swali la zile 0.007. Sababu iliyofanya programu itake kununua saa nane mchana huenda haipo tena dakika 38 baadaye. Mimi ningefuta kilichobaki, nisubiri jibu la kufuta, kisha niulize oda kwa mara ya mwisho, kwa sababu kati ya swali na ufutaji kuna kipande kingine kinaweza kuwa kimenunuliwa. Jibu likisema `CANCELED` na kiasi kilichotimizwa ni 0.013, daftari linafungwa: dola 780 zimetumika, 420 zimerudi kwenye bajeti, na Bitcoin mkononi ni 0.012987 baada ya ada. Sasa programu iko huru kuamua upya kwa bei ya sasa.

Kuna watu watakaouliza: kwa nini tusitume tena kwa jina lilelile, soko lenyewe likatae nakala? Ni wazo zuri, na kwenye baadhi ya masoko linafanya kazi. Coinbase, kwa mfano, ikiletewa oda yenye jina lililokwisha kutumika haifungui oda mpya. Inakurudishia ile ya kwanza. Kwa soko la namna hiyo, kutuma tena ni njia halali ya kuuliza. Lakini kwa Binance jina linatakiwa kuwa la pekee miongoni mwa oda zilizo wazi tu. Oda ya kwanza ikiwa bado inasubiri, nakala itakataliwa. Ikiwa imeshatimizwa yote, jina limekuwa huru, na nakala itapokelewa kama oda mpya kabisa. Yaani kinga inafanya kazi pale ambapo madhara ni madogo, na inaondoka pale ambapo umeshanunua tayari. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya soko moja na kuhamishiwa lingine bila mtu kusoma kifungu hicho ni ajali inayosubiri siku yake.

Kufuta oda nako kuna tabia yake. Tofauti na kununua, kufuta mara tano hakuleti madhara ya mara tano, kwa hiyo ukiwa na shaka unaweza kurudia. Wengine huitumia kama silaha ya kwanza: oda haijulikani, basi ifute. Tatizo ni jibu la "oda hiyo haijulikani", ambalo Binance hulitoa kwa msimbo `-2011`. Linaweza kumaanisha haikuwahi kuingia, au imeshatimizwa yote na hakuna cha kufuta, au, kama ufutaji umetangulia, oda bado iko nyuma inakuja. Jibu moja lina maana tatu zinazotofautiana kama usiku na mchana. Ufutaji unapunguza hatari, lakini hautoi habari. Bado utauliza, na bado utangoja dirisha lifungwe.

Masoko mengine hayafunguki kwa mkupuo. Kraken hutangaza hali yake ya mfumo kwa maneno ambayo programu inaweza kuyasoma. Kati yake kuna `cancel_only`, kipindi ambacho oda mpya hazipokelewi ila kufuta kunaruhusiwa, na `post_only`, ambapo unaweza kuweka oda ya kusubiri lakini si ya kununua hapohapo. Kipindi cha kwanza ni cha thamani kubwa kwa mwenye oda isiyojulikana. Tuseme bei kwenye masoko mengine imeshuka hadi 58,500 na wewe una oda ya kununua kwa 60,000 iliyoachwa ndani. Ulinganishaji ukianza, oda hiyo italiwa mara moja. Dakika chache za `cancel_only` ndizo nafasi yako ya kuitoa, na programu inayosubiri neno `online` pekee itazipitisha imelala.

Kraken ina chombo kingine kinachofaa kujulikana, `CancelAllOrdersAfter`. Programu yako inaliambia soko: nisiposikika kwa sekunde 60, futa oda zangu zote, na inarudia kuliambia hivyo kila baada ya sekunde 15 hadi 30. Ukikatika mtandao wako au umeme, soko linakusafishia. Chombo hiki kinalinda dhidi ya kuzimika kwako wewe. Soko likizimika lenyewe huku saa hiyo imewashwa, oda zako zote hufutwa mtambo unaporudi, lakini hilo halikuambii kilichokwisha kununuliwa, kwa hiyo usikifanye mbadala wa daftari.

Yapo mambo ambayo programu haipaswi kuamua. Soko likikaa kimya kwa saa kadhaa huku bei nje inaporomoka, mtu anaweza kutaka kuuza kwenye soko la pili ili kujikinga na mzigo ambao hana hakika anao. Akiuza na ile oda ya kwanza haikuingia, amejitengenezea hatari mpya ya upande wa pili. Hapo programu imwite mwenyewe kwa ujumbe wa simu unaotaja jina la oda, kiasi cha juu kinachoweza kuwa kimenunuliwa na saa ya swali la mwisho, kisha isimame. Ujumbe unaosema tu "kosa la mtandao" hautamsaidia mtu aliyeamshwa usiku wa manane.

Kujua kama programu yako inayaweza haya, usingoje soko lizimike. Binance ina soko la majaribio lenye fedha za bandia, katika anwani `testnet.binance.vision`. Weka kati ya programu yako na soko hilo seva ndogo ya kupitishia, iliyopangwa kuruhusu oda iende na kulitupa jibu linaporudi. Tuma oda, kisha tazama daftari: limeandika nini, limeuliza baada ya muda gani, na huko sokoni kuna oda ngapi zenye kiasi hicho. Ikiwa ni moja, geuza kisu: seva ilizuie ombi lisifike kabisa, na uone kama programu inafikia hitimisho la "haipo" kwa wakati wake, si mapema. Halafu uiue programu yenyewe mara tu baada ya kuandika daftari na kabla ya kutuma, uiwashe, na uone inalolifanya na jina ambalo soko halijawahi kulisikia. Jaribio hilo la mwisho ndilo linaloangusha programu nyingi, kwa sababu zikiamka hukuta oda kwenye daftari na huidhania kuwa imetumwa, zinaisubiri bila mwisho na kuzizuia zile dola 1,200 hadi mtu atakapokuja kuuliza mbona programu hainunui tena.